Kadi za Msemaji: Kiandikwacho, Kiachwacho, na Hesabu Yake

Msemaji aliyepewa dakika tano za kuzungumza mbele ya hadhara ana njia tatu za kuyahifadhi aliyokusudia kuyasema: kuyaandika yote neno kwa neno na kuyasoma, kuyaweka yote moyoni na kuyatamka kwa ghibu, au kuandika machache juu ya kadi ndogo na kuyaacha yaliyosalia kwa ulimi wake mwenyewe. Njia ya kwanza humlinda asipotee, lakini huyateka macho yake, na hadhara isiyotazamwa hukoma kusikiliza mapema kuliko msemaji adhanivyo. Njia ya pili humpa uso ulio huru na sauti iliyo hai, ila humfunga kwa mfuatano wa maneno, maana aliyehifadhi kwa ghibu akilipoteza neno moja huwa hana pa kulishikia la pili. Njia ya tatu ndiyo nitakayoichambua hapa, nayo ina maswali mawili: ni kipi kiandikwe juu ya kila kadi, na kadi zenyewe zitiwe hesabu gani. Watu wengi huyatenga maswali hayo, wakaandika kwanza na kuhesabu baadaye kama jambo dogo la mwisho. Mimi naona kwamba yanashikamana, kwa sababu kuamua mahali kadi moja inapokoma na nyingine inapoanza ni kuamua umbo la hotuba nzima.

Hatari ya kutegemea ghibu ina shahidi mashuhuri. Tarehe 22 Aprili 1904 Winston Churchill, aliyekuwa bado kijana katika Bunge la Uingereza, alikuwa akihutubu bila ya maandishi, na hotuba ikamkatikia katikati ya sentensi. Akatafuta neno, asilione, akalishukuru Bunge kwa kumsikiliza, akaketi. Tangu hapo hakuacha tena kusimama na maandishi yake mkononi. Katika kisa hicho lililo la kuzingatiwa ni namna ya upotevu wenyewe. Churchill hakusahau maudhui, kwani alikuwa akisema juu ya jambo alilolisoma na kulitafakari. Kilichomtoka ni kiungo, yaani lile neno la kumtoa katika maneno aliyokwisha kuyasema na kumwingiza katika yanayofuata. Kumbukumbu ya binadamu, aghalabu, haivunjiki katikati ya hoja anayoielewa. Huvunjika penye maungio ya hoja, na kadi isiyolinda maungio hayo, hata ikijaa wino pande zote, haimlindi msemaji.

Karne nyingi kabla yake, Quintilian, mwalimu wa ufasaha katika Roma ya karne ya kwanza, aliliangalia jambo hili kwa upande mwingine. Aliridhia msemaji kuwa na maandishi mafupi ya kushikwa mkononi na kutazamwa mara kwa mara, lakini hakupendezwa na desturi ya kuiandika hotuba nzima kwanza kisha kuichuja iwe vichwa vya habari, kwa kuwa fikira hukimbilia kule kwenye maneno yaliyokwisha kuandikwa badala ya kuyaumba mapya. Nakubaliana naye kwa nusu. Ni kweli kwamba kadi iliyochujwa kutoka katika insha kamili huwa na vipande vya sentensi, na kipande cha sentensi humwita msemaji akitafute kilichobaki. Lakini kwa mtu asiyezoea jukwaa, kuandika insha kamili kuna manufaa ya kumjulisha kama analo la kusema na linachukua muda gani; basi na aiandike, aisome kwa sauti mara moja huku akitazama saa, kisha aiweke sandukuni, na kadi zake aziandike siku ya pili bila ya kuifungua. Kitakachokuja kalamuni bila ya insha mbele yake ndicho anachokijua, na kitakachokataa kuja ndicho kinachohitaji kuandikwa.

Hapo ndipo ilipo kanuni yangu nzima: kadi ichukue yale tu ambayo ulimi hauwezi kuyapata wenyewe. Yako ya namna nne. Kwanza ni majina ya watu na vyeo vyao, maana kulikosea jina la mwalimu mbele ya wanafunzi wake ni kosa lisilosahaulika upesi. Pili ni hesabu: fedha, tarehe, idadi. Tatu ni sentensi ya kwanza na sentensi ya mwisho ya hotuba, ambazo ziandikwe kamili, neno kwa neno, kwa kuwa ya kwanza husemwa wakati moyo unapiga kwa nguvu na ya mwisho ndiyo inayomzuia msemaji asizunguke akitafuta mlango wa kutokea. Nne ni maungio, yale ambayo yalimwangusha Churchill. Mengine yote, nayo ndiyo mengi, yaani maelezo, visa, sababu, shukrani za moyoni na nasaha, yatatosheka na neno moja au mawili ya kuyaamsha.

Natuiweke kanuni hiyo katika jambo halisi. Tuseme kwamba mzazi mmoja wa Pangani amechaguliwa kusema kwa niaba ya wazazi wenzake katika mahafali ya kidato cha nne, na mshereheshaji amempa dakika tano. Anataka kuwashukuru walimu. Anataka kueleza taabu ya wasichana wanaotoka mbali kuja shuleni. Anataka kutaja kwamba wazazi wamechanga shilingi 1,750,000 kwa ajili ya kuezeka bweni, ilhali kazi yote inahitaji 4,950,000, hivyo kumebaki pengo la 3,200,000. Anataka kumwomba mgeni rasmi msaada wa kuliziba pengo hilo. Na anataka kuwapa wahitimu maneno mawili matatu ya kuwaaga. Ukimwachia afuate mazoea, ataandika kadi tatu: ya shukrani, ya bweni, ya kuaga, na kadi ya bweni ndiyo itakayomtesa.

Itamtesa kwa sababu imekusanya mambo yanayosemwa kwa namna tofauti. Kisa cha wasichana husimuliwa kwa macho yaliyoinuliwa: msemaji anamjua mtoto aliyetoka nyumbani kabla ya alfajiri, anaijua njia inavyokuwa wakati wa masika, na hahitaji kusoma lolote. Hesabu, kinyume chake, husomwa, na ni vizuri hadhara imwone akizisoma, maana fedha zinazosomwa kwenye karatasi zina uzito wa ithibati kuliko zinazotajwa kwa kukisia. Ombi nalo huelekezwa kwa mtu mmoja, aliyeketi mbele, na lazima msemaji amgeukie. Mambo matatu haya yakikaa juu ya kadi moja, msemaji atainua macho kusimulia, kisha akiyashusha atakuta mistari minane imemkodolea, naye hajui ni upi wa hesabu. Na hapo ndipo kimya kirefu kinapoingia. Kwa hiyo kadi zisigawanywe kwa maudhui peke yake. Zigawanywe kila mahali macho ya msemaji yanapobadili kazi, na kila mahali ambapo hata bila ya kadi angelitua kuvuta pumzi, ili kitendo cha kubadili kadi kifichwe ndani ya kituo ambacho hotuba yenyewe inakitaka.

Kwa mgawanyo huo mzazi wetu atapata kadi saba. Ya kwanza ina sentensi yake ya kufungulia, kamili, pamoja na neno la kumkumbusha anasema kwa niaba ya nani. Ya pili ni ya shukrani, nayo ina majina ya walimu watatu na masomo yao, basi. Ya tatu ni kisa, na juu yake kuna maneno matatu tu: alfajiri, mto, masika. Ya nne ina zile hesabu tatu, kila moja kwenye mstari wake. Ya tano ni ombi, likiwa limeandikwa karibu kamili, kwa sababu ombi la fedha lililosemwa kwa kubabaika humwacha aombwaye bila ya kujua ameombwa nini hasa. Ya sita ni nasaha kwa wahitimu, maneno mawili. Ya saba ni sentensi ya mwisho, kamili. Mtu atasema kwamba kadi yenye maneno matatu ni ubadhirifu wa karatasi. Lakini weupe ule ndio unaompa ruhusa ya kuacha kutazama chini.

Kuna kadi nyingine nje ya hizo saba, nayo ni ya maamkizi. Katika sherehe zetu msemaji huwataja wakubwa waliohudhuria kabla ya kufungua maudhui, na mtajo huo una tartibu yake: mgeni rasmi hutangulia, kisha mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, viongozi wa serikali ya mtaa, walimu, wazazi wenzake, na wanafunzi. Wako wanaolikwepa jambo hili kwa kusema kwamba itifaki imezingatiwa, na pale ambapo wasemaji waliotangulia wamekwisha kuwataja wote sioni ubaya wake. Lakini msemaji asijiandae kwa kutegemea fungu hilo, kwa kuwa huenda akawa yeye ndiye wa kwanza. Shida ya kadi hii ni kwamba hubadilika mpaka dakika ya mwisho: mgeni rasmi amepata udhuru na kutuma mwakilishi, diwani amefika bila ya kutazamiwa. Ndiyo maana isiingizwe katika hesabu ya zile nyingine. Ipewe alama ya sifuri, ikae mbele, na iandikwe upya pale pale ukumbini, baada ya kumuuliza mshereheshaji majina kamili na vyeo vya walioketi mezani; ikichanwa na kuandikwa tena mara mbili, kadi ya kwanza itabaki ya kwanza na ya saba itabaki ya saba.

Sasa juu ya maandishi yenyewe. Kadi inayofaa ni robo ya karatasi ya kawaida ya kuandikia, takriban sentimeta kumi kwa kumi na tano, iliyokatwa katika manila, kwa kuwa karatasi nyepesi hutetemeka pamoja na mkono na mtetemo wake huonekana mpaka viti vya nyuma. Iandikwe upande mmoja tu. Mwenye kuandika pande zote mbili hawezi kujua, katika haraka ya jukwaa, kama upande anaoutazama ameshausema, na isitoshe hadhara husoma mgongo wa kadi anapoiinua. Mistari isizidi mitano au sita, kwa wino mweusi, na herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomeka kadi ikiwa mezani na msemaji amesimama wima; jaribio hilo lifanyike nyumbani, na jioni, kwa taa, maana kumbi nyingi hazina mwanga wa mchana.

Neno la kuamsha linataka kuchaguliwa kwa uangalifu, na lugha yetu ina sharti lake katika hili. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha mtenda au cha kitu kinachosemwa, hivyo mtu akijiandikia kilikwama au zilipotea peke yake, akishusha macho atalazimika kwanza kukumbuka ni kitu gani kile au ni vitu gani vile, na sekunde mbili za kukumbuka hilo huonekana na wote. Akiandika jina, bweni, mto, michango, ataanza sentensi na jina hilo na upatanisho utakuja wenyewe kama unavyokuja katika mazungumzo ya kila siku. Kwa hiyo maneno ya kuamsha yawe majina. Vitenzi viachwe kwa ulimi, isipokuwa katika sentensi zile zilizoandikwa kamili.

Hesabu nazo zina adabu yake. Tarakimu 1,750,000 ni nyepesi kwa macho ya karani na nzito kwa ulimi wa msemaji, ambaye itambidi kuzihesabu sifuri akiwa amesimama. Aiandike tarakimu, kwa ajili ya ithibati, na kando yake aandike itakavyotamkwa: milioni moja, laki saba na elfu hamsini. Vivyo hivyo saa: akitaka kusema saa kumi na moja alfajiri, asijiandikie 5:00, kwa kuwa katika haraka atatamka saa tano na kumpeleka mtoto shuleni karibu na adhuhuri.

Nimefika kwenye kuhesabu kadi, na hapa rai yangu ya kwanza ni kwamba nambari zisitiwe mapema. Kadi zote zikiwa zimeandikwa, zitandazwe mezani au juu ya mkeka, zihamishwe huku na huku, na hotuba isemwe kwa sauti kwa kuzifuata, mpaka msemaji aone kwamba hapana kadi anayoifikia kwa kuruka pengo. Mzazi wetu, mathalan, huenda akaanza kwa kuiweka hesabu mbele ya kisa, akidhani kwamba ukweli wa fedha ni msingi; akiisema atagundua kwamba hadhara haiwezi kujali pengo la milioni tatu na laki mbili kabla ya kujua linamhusu nani. Kadi zisizo na nambari huhama bila ya ubishi. Zilizokwisha kuhesabiwa humfanya mtu aone haya kuzibadili, akaacha kosa likae kwa kuogopa kufuta.

Tartibu ikishathibiti, nambari iandikwe kwa kalamu, kubwa, katika pembe ya juu ya kulia, ikiwa msemaji hushika kadi kwa mkono wa kushoto, ili kidole gumba kisiifunike. Na iandikwe pamoja na jumla yake: 1/7, 2/7, 3/7, hata 7/7. Nambari tupu humjulisha msemaji yuko wapi, lakini haimjulishi kama amebakiwa na ngapi wala kama ya mwisho imeachwa nyumbani. Aliye na kadi ya 6 mkononi na hana nyingine anaweza kudhani kwamba amemaliza. Aliye na 6/7 anajua kwamba sentensi yake ya kufungia imepotea, naye anaweza kuitafuta kabla ya kuitwa jukwaani. Kadi mpya ikizaliwa baada ya kuhesabu, zote zihesabiwe upya. Kadi saba haziwezi kumshinda mtu kuziandika tena, na ile hila ya kuingiza 3a au 3b ni mbaya, kwa kuwa itampoteza akili akijiuliza kama kuna 3c.

Lakini nambari ina upungufu: inasema kadi ipi ifuate, haisemi ndani yake mna nini. Upungufu huu waliujua wanakili wa vitabu vya Kiarabu, waliokuwa wakiandika chini ya ukurasa neno litakalofungua ukurasa unaofuata, ili karatasi zikitawanyika zipate kurudishwa mahali pake, na msomaji aingie ukurasa wa pili sauti yake haijakatika. Msemaji naye aazime desturi hiyo. Chini ya kadi ya tatu, kwa herufi ndogo, aandike hesabu. Chini ya nne, mgeni rasmi. Chini ya tano, wanangu. Neno hilo moja humwezesha kuanza sentensi ya kadi inayofuata hali mkono ungali unaifikia, na ule mshono wa hotuba, ambao ndio mahali pa hatari, hupitwa bila ya kimya.

Desturi hiyo hufaa zaidi wakati ulio mgumu kuliko yote, nao ni pale mshereheshaji anapomnong'oneza msemaji kwamba muda umeliwa na waliotangulia na dakika zake tano zimekuwa tatu. Asiyejiandaa husema yote kwa haraka, na hadhara haishiki lolote. Aliyejiandaa ameshaamua nyumbani ni kadi ipi itaachwa, akaizungushia nambari yake duara. Kwa mzazi wetu ni ya sita, kwa kuwa nasaha wahitimu watapewa na mgeni rasmi vile vile. Na kadi ya pili ataipunguza kwa kuyataja majina matatu bila ya maelezo, maana kuwanyima walimu shukrani haiwezekani. Sasa chini ya kadi ya tano yawepo maneno mawili ya kuvukia badala ya moja: wanangu, kwa anayekwenda ya sita, na wazazi wenzangu, kwa anayeruka mpaka ya saba. Kinyume chake, wako wanaoandika chini ya kadi sentensi nzima ya kuvukia. Hao kadi ikirukwa hujikuta wametangaza jambo ambalo hawatalisema. Sentensi ya kuvukia ikihitajika, ikae juu ya kadi inayopokea, isiwe chini ya inayotoa.

Kuhusu kuzifunga kadi kwa uzi, sina rai moja kwa hali zote. Penye meza ya kuhutubia, kadi zilizo huru ni bora: msemaji huzitelezesha kutoka kulia kwenda kushoto, na hakuna anayeziona. Penye uwanja ulio wazi na upepo, na kipaza sauti cha kushikwa mkononi, mkono uliobaki ni mmoja, na mkono mmoja hauwezi kuirudisha kadi ya mbele nyuma ya nyingine. Hapo zitobolewe pembe ya juu ya kushoto na kufungwa kitanzi kilicholegea, ili kidole gumba kiweze kuisukuma iliyokwisha ikaning'inia.

Kadi zikijaribiwa nyumbani zitasema zenyewe zina kasoro gani. Msemaji aliyeipita kadi nzima pasipo kuinua macho ameijaza mno, na aipunguze. Aliyeirudia kadi moja mara tatu kutafuta anachokitaka ameweka juu yake mambo mawili, na aigawanye. Mstari ambao katika majaribio yote haukutazamwa hata mara moja ufutwe, ijapokuwa una maneno mazuri, ila majina na hesabu ziachwe hata kama anazijua kama jina lake, kwani hizo ndizo hutoroka kwanza mbele ya watu. Na muda upimwe kadi kwa kadi: katika dakika tano, kisa kikichukua dakika mbili peke yake, hakuna hesabu ya kadi itakayoliponya jambo hilo, kisa ndicho kipunguzwe.

Ikitokea, pamoja na uangalifu wote huo, kwamba msemaji aliye katika 3/7 anafunua na kukuta 5/7, asipekue mifuko wala asirudi nyuma. Neno lililo chini ya kadi ya tatu limeshamwambia kilichopotea ni hesabu. Basi na aseme kwa sentensi moja, bila ya tarakimu asizokuwa na yakini nazo, kwamba wazazi wamechanga sehemu na sehemu iliyo kubwa zaidi imesalia, kisha amgeukie mgeni rasmi na kuendelea na ombi lake, na zile tarakimu azikabidhi kwa mkuu wa shule baada ya sherehe.